Mayai ya Alhamisi

Nilirudi Rufiji na diploma ya ukunga, na sijawahi kuona haya kulisema hilo mbele ya mtu. Sikubebwa na mjomba wala na mume. Baba yangu alikuwa mkata boriti katika mikoko ya Salale, mama yangu alitwangia watu mpunga, na mimi mwenyewe nilifua shuka za hospitali Dar es Salaam kabla sijaruhusiwa kuwagusa wagonjwa waliozilalia. Siku nilipokabidhiwa ile karatasi yenye muhuri, hakukuwa na msichana mwingine ukumbini aliyejua kupiga kasia. Serikali ya Mwingereza ikanipa chumba Kibiti, sanduku la bati la dawa, na eneo la kazi ambalo kwenye ramani ya Bwana Daktari lilionekana dogo, lakini kwenye maji halikwisha.

Kila Jumamosi ilikuwa zamu ya Salale. Nilishuka kutoka Kibiti kwa njia ya mchanga hadi gatini, nikapanda mtumbwi, nikaingia katika vijito ambavyo hata wazee wa kule husita kabla ya kukata kona. Mikoko pande zote mbili, matope yananuka, hewa haitembei. Wenzangu waliosoma nami wangelia. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani.

Lakini nyumbani kulikuwa na kaburi. Rafiki yangu wa utotoni, tuliyecheza naye kombolela na kukoga pamoja, alikuwa amekufa nikiwa masomoni, akiwa na mimba kubwa. Nilihadithiwa kwamba alivimba miguu na uso, akawa akipumua kama aliyekimbia hata akiwa amekaa, na uchungu ulipomshika alitoka damu nyepesi kama maji ya kuoshea samaki. Mtoto hakulia. Vijijini waliyaita maradhi hayo safura. Sisi tuliofundishwa tulisema damu imepungua, na tulijua sababu zake: minyoo ya tumboni inayoingilia nyayoni, homa zisizokwisha, na sahani isiyo na kitu cha kujenga damu.

Baada ya siku za msiba kupita, wazee walikubaliana mjane wa kiume apewe mdogo wa marehemu. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Mdogo mtu akahamia nyumba ile ile, akalala kitanda kile kile, akatwanga kwa kinu kile kile, akajifunga khanga za dada yake kwa kuwa hazikuwa zimechakaa. Nilipomkuta kliniki, chini ya makuti ya nyumba ya jumbe, moyo ulinilipuka. Alikuwa amekaa vile vile alivyokuwa akikaa dada yake, bega moja juu, kichwa kimeinama. Na alikuwa na mimba.

Nilimshusha ukope wa chini kwa kidole. Ndani mlikuwa mweupe kama tui. Viganja vyake vilikuwa vyeupe pia, na kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga udongo wa kutafuna.

"Unatafuna huu kila siku?" nilimwuliza.

"Ukinukia mvua ndipo nautaka, dada. Usipomwambia mama nitakuombea."

Mama yake alikuwa nyuma yangu, amesikia. Huyo ndiye mama wa wote wawili, aliyeko chini na aliyeko juu ya ardhi. Mumewe alikuwa amekwisha kufa zamani, akawa akiishi na bintiye, kwa sababu mkwe alikuwa porini kwenye kambi za boriti na alirudi mara moja moja. Mama huyu alinijua tangu sijaota meno. Aliniambia, kwa sauti ambayo haikutaka jibu, kwamba mmoja ameshazikwa na tumbo, na kama diploma yangu haina dawa ya huyu wa pili basi niitumie kufungia bizari.

Nilikuwa nayo dawa. Nilimpa ya minyoo ninayoruhusiwa kumpa mwenye mimba ya umri ule, nikampa ya homa, nikampa vidonge vya chuma. Lakini vidonge vilikuwa vichache, na shehena ya Utete ilikuja ilipotaka. Nilijua kilichobaki ni chungu cha jikoni. Na hapa naomba nijisifu kwa haki, kwa sababu tulifundishwa chakula cha mja mzito kwa picha za maziwa, jibini na maini ya ng'ombe, na wenzangu wengi waliishia kuwahubiria jibini wanawake wasiowahi kumwona ng'ombe kwa sababu ya mbung'o wanaowaua. Mimi niliupanga upya mlo wa juma kwa vitu vya Salale, na nilimpangia kwa mdomo, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyesoma. Tulikuwa tunapepeta mpunga, watatu, na kila siku ya juma niliishusha pamoja na ungo.

Asubuhi zote uji, nikasema, wa mtama au wa wishwa, zile pumba laini za mpunga, na unga, na ndani yake karanga zilizotwangwa. Mchele uwe wa kinu, usikobolewe ukawa mweupe kabisa, wala usioshwe mara nyingi ukamwaga nguvu yake. Jumamosi kunde na mchicha. Jumapili yai asubuhi, na mchana matembele yaliyoungwa kwa kamba wakavu wadogo, watwangwe na magamba yao. Jumatatu choroko. Nilikwisha kuzungumza na mke wa mwenye duka wa Kihindi kule Kibiti, ambaye alikuwa na watoto wanane na alijua habari za mimba kuliko kitabu. Aliniwekea chenga zinazobaki chini ya magunia, ambazo wateja hawazitaki kwa kuwa zimevunjika. Zikipikwa kwa nazi huwezi kujua kama zilikuwa nzima. Jumanne samaki. Jumatano tena kunde, na majani ya maboga, na mbegu zake zikaangwe kavu atafune badala ya udongo. Alhamisi yai tena, na mlenda na dagaa. Ijumaa kisamvu, kitwangwe na kiive sana, na samaki aliyebaki.

Mama akauliza, samaki wa Jumanne atoke wapi maji yakiwa maji mafu, hayajai wala hayatoki? Nilikuwa nalingoja swali hilo. Maji yakijaa sana wakati wa bamvua, samaki na kamba ni wa kumwaga, ale wabichi na wengine tuwaanike. Maji yakiwa mafu, ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, arowekwe kwanza chumvi imtoke, mja mzito asije akavimba. Na juu ya kila mboga ya majani akamulie ndimu, kwa sababu damu huipokea mboga vizuri zaidi ikiwa na ukali. Mama akatikisa ungo. Akasema kumbe kweli nilisoma.

Lakini yai lilimkwama. Kwetu mja mzito hapewi yai. Mtoto atazaliwa kipara, wengine husema atakuwa mwizi, na wengine husema atakuwa mkubwa kama jogoo na hatapita mlangoni. Kamba nao waliogopwa, kwa sababu kamba hurudi kinyumenyume na mtoto atafanya vivyo hivyo wakati wa kutoka.

"Mayai hayana kosa, mama," nilimwambia. "Ni nyama iliyofungwa kwenye gamba. Ayale yameiva vizuri. Na kamba ni hivyo hivyo. Wangekuwa na kosa, mimi niliyewala wa kwenu nikiwa mdogo ningetembea kinyumenyume."

Nilidhani atacheka. Aliuweka ungo chini. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama ninavyojua jina langu. Akauliza tena kama hakika hiyo ni ya yai la mwanzo wa mimba tu, au hata la mwishoni. Nikamwambia hata la mwishoni, hasa la mwishoni. Akainuka, akaenda uani, na hakurudi mpaka nilipokuwa nimekwisha kufunga sanduku langu.

Jumamosi zilizofuata nilimwuliza yule binti alivyokula, naye alinisomea juma zima kama anayesoma juzuu. Yai Jumapili. Kamba na matembele. Choroko. Hakukosea siku hata moja. Nyumba ilinukia nazi, maganda ya mayai yalikuwa jalalani, na miiba ya samaki nyuma ya jiko. Mimi nilishusha ukope wake, na ukope ulibaki mweupe. Miguu ikaanza kujaa. Alipopanda kizingiti alikishika kwanza, akapumua, ndipo akapanda.

Sikuwa mtu wa kuogopa. Nilikwisha kuzalisha watoto wa kutanguliza miguu katika mtumbwi. Lakini nyumba ile ilianza kunitia ubaridi. Nilikaa mle nikasikia mchi ukitwanga uani, taratibu, kama anavyotwanga mtu aliyechoka, nikatoka nikakuta kinu kimefunikwa, ilhali mama na binti wote wako ndani nyuma yangu. Nilipowauliza, binti aliangalia chini. Mama alisema ni kwa jirani. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya kijito.

Kilichonifumbulia mambo kilikuwa maji yenyewe. Juma moja bamvua iliniharibia mpango, kijito kisingepitika Jumamosi kwa saa nilizozihitaji, nikaamua kutangulia Alhamisi. Niliingia Salale alasiri, jua likiwa bado juu ya mikoko, bila mtu kujua ninakuja. Nikabisha hodi, nikapita moja kwa moja hadi jikoni.

Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anamenya mayai. Mbele yake yalikuwa manne, meupe, yanang'aa. Chungu cha kamba wa nazi kilikuwa kimeshaepuliwa. Kulikuwa na wali wa kutosha watu wengi, na chini ya kawa zilikuwa zimepangwa sahani za kwenda nje. Pembeni, karibu na moto, binti alikuwa anakula bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi mtupu.

Nilisimama. Nilimwuliza binti yai lake la Jumapili lilikwenda wapi. Akachovya tonge lake mchuzini. Nikauliza la Alhamisi ni lipi kati ya yale. Akasema, "Yote ni ya Alhamisi, dada."

Ndipo nikajua. Kila kitu nilichompangia kilipikwa siku yake, kama nilivyoagiza. Kilipikwa, na hakikuliwa. Yai la Jumapili lilichemshwa likawekwa, likaongezewa mengine. Samaki wa Jumanne alikaushwa tena juu ya moshi. Kamba walitiwa chumvi. Karanga zilirudi koponi. Vyote vilikusanywa kungojea usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kila mtu wa pwani anaujua: roho za marehemu huruhusiwa kurudi makwao, husimama mlangoni magharibi inapoingia, hutazama kama kuna anayewakumbuka. Ndiyo maana siku hiyo hutolewa sadaka. Nyumba nyingi hutoa maandazi au visheti. Nyumba ile ilikuwa inatoa damu ya mja mzito kwa majirani walioshiba.

"Mama, huyu atakufa," nilisema. "N'nakwambia kwa kazi yangu. Miguu yake inajaa kama ya yule."

Alimaliza kulimenya yai alilokuwa nalo. Ndipo akasema, polepole, na maneno yake sijayasahau.

"Yule aliniomba yai. Alikuwa amelala pale penye ule mkeka. Tulikuwa na kuku wanataga mpaka chini ya kitanda. Akasema, mama, nipe hata kiini. Nikamwambia mwanangu, nitakupa ukijifungua. Akaniomba kamba, nikawafunika. Wewe umekuja na karatasi yako umeniambia hayana kosa. Basi mimi nimpe nani sasa?"

Binti alikuwa ameacha kula. Aliongea bila kuinua kichwa, akanieleza kwamba si mama aliyemnyima. Alijaribu kulila yai la kwanza, Jumapili ile ya kwanza. Likamfika kooni. Alimsikia dada yake nyuma ya ukuta wa makuti, hatukani, haombi, anameza tu mate. Nyumba nimemchukulia, akasema, mume nimemchukulia, khanga zake ninazo mwilini. Hata hiki nacho nile mimi?

Ningeweza kuwapigia mahubiri. Ningeweza kusema kwamba wafu hawamezi mate. Wenzangu wa darasani wangesema hivyo, wangeandika kwamba wazaliwa wa Salale ni wakaidi, wangepanda mtumbwi. Lakini mimi nilicheza na yule msichana. Na pale jikoni, mchana kweupe, mchi ulianza tena uani, na sote watatu tulikuwa mle ndani tunatazamana.

Hakuna aliyetoka kuangalia.

Nikamwuliza mama sadaka ya marehemu hupewa nani. Akasema hupewa mhitaji, na kila mtu anajua. Nikamwuliza kama mja mzito asiye na damu si mhitaji. Akanikatiza: sadaka haitolewi ndani ya nyumba yake mwenyewe, ukimpa mwanao hicho ni chakula, si sadaka, na marehemu hafikiwi na kitu. Nikamwuliza kama mimi ni wa nyumba ile. Akasema wewe si wa nyumba hii, wewe ni mgeni, ijapokuwa ulikunya kwenye mkeka wangu.

"Basi nipe mimi," nikasema. "Nipe sahani yote, kwa nia ya yule. Ikishaingia mikononi mwangu ni yangu?"

"Ni yako."

"Na mtu akipewa chake, akakaribisha mwenziwe, marehemu hupungukiwa?"

Nje magharibi ilikuwa inakaribia, na rangi ya mlango ilikuwa inageuka. Akasema hapungukiwi, huzidi kupata, thawabu ya anayelisha ni juu ya thawabu. Akapakua wali katika sinia, akapanga mayai juu yake, akamwagia kamba, akakamulia ndimu kama nilivyomfundisha. Akamtaja marehemu kwa jina lake na jina la baba yake, akasoma Fatiha, akanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Nikaketi juu ya mkeka, pale pale. Nikamwambia mdogo mtu, karibu. Akasita. Nikamega yai, nikamtia mdomoni kama mtoto. Alifumba macho, akalitafuna muda mrefu mno, akalimeza. Tukatega masikio. Nyuma ya ukuta hapakuwa na kitu, au kama kilikuwako, kilikuwa kimenyamaza. Akaupeleka mkono kwenye sinia mwenyewe.

Tangu juma lile zamu yangu ya Salale ilikuwa Alhamisi. Bwana Daktari aliniuliza sababu, nikamwambia ni maji, na hakuwa na elimu ya maji ya kunibishia. Vyakula vya Alhamisi tulivila pamoja kwa jina la marehemu, yeye akila vingi na mimi nikila vya kumshawishi. Lakini Alhamisi moja haijengi damu ya juma, na hilo nililipangia pia. Nilimwambia mama kwamba sadaka si lazima ingoje siku moja, akaigawa sadaka ya siku zile nyingine kwa majirani wawili wanawake, ambao waliipokea asubuhi kwa nia ya yule na kumkaribisha mja mzito. Jumapili alikula yai kwa jirani wa kwanza, Jumanne samaki kwa wa pili. Jumatatu na Jumatano choroko na kunde alikula kwake, kwa sababu dada yake hakuwahi kuomba kunde, hivyo hazikumkaba. Mlo ulikuwa ule ule niliopanga mwanzo. Kilichobadilika ni mlango alioingilia.

Ukope ulianza kuchukua rangi kidogo kidogo, waridi la mbali sana. Udongo aliutupa mwenyewe. Miguu haikunywea kabisa, na sikuacha kuogopa. Uchungu ulimshika asubuhi, nami nilikuwepo kwa kuwa nilijipatia ruhusa ya kubaki. Mtoto alikuwa wa kike, alitoka akiwa na nywele nyingi, akalia kabla sijamgusa mgongo. Kondo lilifuata. Damu ilitoka, nyekundu, ikaganda kama inavyotakiwa, nikaukanda mfuko wa uzazi mpaka ukakaza, ikakoma. Nilikaa chini sakafuni.

Mama alimwogesha mjukuu, akamfunga, akamweka kifuani kwa mama yake. Kisha akaja kuketi karibu yangu. Nilijua anachotaka kuuliza. Nilikuwa nimejua tangu siku ya mayai manne, na kila Alhamisi niliondoka mapema kidogo ili asipate nafasi.

"Na yule," akasema. "Ningempa, angeishi?"

Nilikuwa na diploma. Nilikuwa na majibu ya kila mtihani niliopewa maishani mwangu. Nilifikiria minyoo, na homa, na kwamba yai moja mwishoni mwa mimba halimrudishi mtu aliyekwisha kuishiwa damu. Nilifikiria pia juma baada ya juma, na kuku wanaotaga chini ya kitanda.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Labda. Labda isingetosha."

Akatikisa kichwa mara moja. Hakulia. Akauliza leo ni siku gani, na nilipomwambia ni Jumatano, akasema basi mzazi apikiwe kunde, na kesho Alhamisi yeye mwenyewe ana kazi ya sadaka. Akatoka kwenda kuwatazama kuku, na mimi nikabaki ndani na wale wawili, nikisikiliza uani kama kuna mtu mwingine anayetembea naye.